Kiolezo cha Muhtasari Huandaliwa Kabla ya Kikao

Kikao cha halmashauri ya kijiji kikiisha, mtendaji wa kijiji hubaki na kurasa kadhaa za daftari alizoandika mbiombio. Humo mna nani alisema nini, nani alimjibu, na nani alitaka kuondoka mapema. Ukimuuliza kikao kiliamua nini hasa kuhusu ombi la ardhi la mkazi fulani, itabidi apekue, na mara nyingine asikute sentensi hata moja inayosema limekubaliwa au limekataliwa. Wiki mbili baadaye anapokaa kuandika muhtasari, anaandika anachokumbuka. Mwombaji aliyekuwa na watu wake kikaoni hukumbukwa vizuri kuliko mwombaji mjane aliyekuwa shambani.

Tatizo hilo halitibiwi kwa kuandika upesi zaidi. Linatibiwa siku moja au mbili kabla ya kikao, kwa kuichukua ajenda na kuigeuza kuwa kiolezo cha muhtasari, yaani karatasi yenye vichwa vyote, safu za utekelezaji na nafasi za kuandikia maamuzi, lakini isiyo na uamuzi wowote ndani yake. Mtendaji akiingia kikaoni na karatasi hiyo, nafasi iliyo wazi humwambia ni swali gani bado halijajibiwa, naye anaweza kunyoosha mkono kabla mwenyekiti hajahamia jambo lingine.

Tuchukue ajenda ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji Tanzania ataitambua:

1. Kufungua kikao
2. Kuthibitisha ajenda
3. Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita
4. Yatokanayo
5. Taarifa ya mapato na matumizi
6. Vyoo vya shule
7. Maombi ya ardhi
8. Mengineyo
9. Kufunga kikao

Makatibu wengi hunakili mistari hii tisa, wakaacha nafasi sawa chini ya kila mmoja, wakaamini kiolezo kimekamilika. Hicho bado ni ajenda tu, iliyotawanywa kwenye karatasi kubwa. Kugeuza kunaanza pale unapoliuliza kila jambo swali moja: kikao kinatakiwa kufanya nini hapa? Kupokea taarifa tu? Kutoa maelekezo? Kuamua? Au kupendekeza kwa chombo kingine chenye mamlaka ya kuamua? “Vyoo vya shule” hakujibu swali hilo, na “Maombi ya ardhi” vilevile. Usipopata jibu, mfuate aliyelileta jambo hilo kwenye ajenda umuulize, maana kama naye hajui anataka nini kutoka kikaoni, wajumbe ishirini hawatajua.

Kitu cha kwanza kwenye kiolezo hakimo hata kwenye ajenda: mahudhurio. Majina ya wajumbe wote wa halmashauri yaandikwe mapema, kila moja kwenye mstari wake, likifuatiwa na nafasi ya saini, nafasi ya saa aliyofika na nafasi ya saa aliyoondoka. Chini yake ziachwe sehemu mbili ndogo, moja ya waliotoa udhuru na nyingine ya waalikwa, kwa sababu mwalikwa hapigi kura na jina lake lisichanganywe na ya wajumbe.

Safu ya saa aliyoondoka ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na madhara yake ni makubwa. Chukua halmashauri yenye wajumbe 25, ambayo akidi yake ni nusu. Nusu ya 25 ni kumi na mbili na nusu, kwa hiyo wanahitajika watu 13. Kikao kinafunguliwa saa 4:00 asubuhi kwa wajumbe 14, na akidi imetimia. Saa 7:40 mchana wawili wanaondoka kwenda msibani. Wamebaki 12. Kama maombi ya ardhi yalijadiliwa saa 8:00, yameamuliwa na kikao kisicho na akidi, na karatasi ya mahudhurio yenye saini 14 na isiyo na saa hata moja haitaonyesha hivyo. Kwa hiyo, mbali na safu hiyo, kiolezo kizuri kinaweka mstari mfupi juu ya kila jambo linalohitaji uamuzi: “Wajumbe waliokuwepo wakati wa uamuzi: ____”. Katibu akifika hapo analazimika kuhesabu vichwa.

Mambo ya taratibu, yaani kufungua, kuthibitisha ajenda na kufunga, hayahitaji nafasi kubwa. Sentensi moja inatosha, iandikwe tayari kwa wakati uliopita na kuachiwa mapengo: “Kikao kilifunguliwa na ________ saa ____.” “Ajenda ilithibitishwa bila mabadiliko / pamoja na mabadiliko yafuatayo: ________.” Chini ya kuthibitisha muhtasari uliopita, acha mistari mitatu ya masahihisho, kisha nafasi ya jina la aliyependekeza uthibitishwe na la aliyemuunga mkono.

Yatokanayo ni habari nyingine. Hapa ndipo vikao vingi hupoteza saa nzima, kwa sababu mwenyekiti anauliza, “Kuna yatokanayo?” na kila mtu anaanza kukumbuka lake. Katibu anayeandaa kiolezo hasubiri kumbukumbu za watu. Anafungua muhtasari uliopita, anatafuta kila kazi iliyokabidhiwa mtu, na kuihamishia kwenye jedwali: kazi yenyewe, aliyekabidhiwa, na tarehe aliyopewa. Hizi ni habari za kweli zilizokwisha kuthibitishwa, kwa hiyo zinaruhusiwa kuandikwa kabla ya kikao. Safu ya nne, “Imefikia wapi”, inabaki tupu, na ya tano, “Tarehe mpya na sababu”, nayo inabaki tupu. Mwenyekiti akishika jedwali hilo, mjadala wa yatokanayo unakuwa mfupi na mgumu kukwepa. Kama muhtasari uliopita hauna kazi hata moja iliyokabidhiwa mtu, hilo nalo ni jibu: kikao kile kilizungumza, hakikuamua.

Kwenye taarifa ya mapato na matumizi, kosa la kawaida ni kuacha ukurasa mzima ili katibu anakili tarakimu zinazosomwa. Anayenakili tarakimu kwa kusikia hukosea, na hapo kijiji kitakuwa na hesabu mbili tofauti, moja kwenye taarifa na nyingine kwenye muhtasari. Taarifa yenyewe iambatishwe. Kiolezo kiseme: “Taarifa ya kipindi cha ____ hadi ____ iliwasilishwa na ________ (Kiambatisho A).” Kisha ziachwe nafasi ya maswali yaliyoulizwa na majibu yake, na nafasi ya uamuzi yenye njia mbili za kuchagua: imepokelewa, au imerudishwa ikarekebishwe, pamoja na kilichotakiwa kurekebishwa. Kikao hiki kinapokea taarifa tu, kwa hiyo neno “imeidhinishwa” lisiwekwe hapo kwa mazoea.

Sasa vyoo vya shule. Katibu wetu amemuuliza mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii, akaambiwa kwamba matundu mawili yametitia na kamati inataka halmashauri iamue kama shimo jipya lichimbwe au la zamani likarabatiwe. Kwa hiyo kichwa kinabadilika. Badala ya “Vyoo vya shule” kiolezo kinaandika “Vyoo vya shule: kuamua kati ya kuchimba shimo jipya na kukarabati la zamani”. Chini yake panakuwa na mistari minne ya hoja kuu, si zaidi. Nafasi kubwa ya mjadala ni mtego, maana inamwalika katibu aandike nani alimjibu nani, na akifika kwenye azimio mkono umechoka. Kisha linakuja sanduku lenye mpaka mzito lililoandikwa “AZIMIO”, na ndani yake maneno haya tu: “Kikao kiliazimia kwamba ________.” Sentensi iliyoanza hivyo haimaliziki kwa “suala lilijadiliwa kwa kina”.

Chini ya sanduku ndipo linakaa jedwali la utekelezaji. Safu zake ni kazi, mhusika, mwisho wa utekelezaji, chanzo cha fedha au nguvukazi, na matokeo. Safu ya matokeo haijazwi siku hiyo. Inasubiri yatokanayo ya kikao kijacho, na ndiyo inayounganisha kikao na kikao. Safu ya mhusika iwe nyembamba kwa makusudi, itoshe jina moja au cheo kimoja. Nimeona mihtasari mingi ambayo safu hiyo imejazwa neno “Wote” au “Kamati”, na kila mara kikao kilichofuata kilianza kwa watu kutazamana. Kazi inaweza kufanywa na watu wengi, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Kadhalika safu ya mwisho wa utekelezaji ichapishwe tayari na alama za tarehe, “__/__/____”, ili “haraka iwezekanavyo” isipate pa kukaa.

Kikao kikiisha, safu hizo zinaweza kusomeka hivi: kupata bei za saruji, mabati na nondo kutoka maduka matatu, mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii, tarehe 14 mwezi ujao, hakuna gharama. Mstari wa pili: kuhamasisha wazazi wa vitongoji vyote wachimbe shimo, mwenyekiti wa kitongoji kilichopo shule, tarehe 28, nguvukazi ya wananchi. Mtu ambaye hakuhudhuria anaweza kusoma mistari hiyo miwili akajua kilichoamuliwa na amwendee nani.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni maombi ya ardhi, kwa sababu hapa kiolezo kibaya kinaweza kuwapotosha wajumbe kuhusu mamlaka yao wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila bila kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa maneno mengine, wajumbe hata wakikubaliana wote 25, bado hawajagawa kitu. Kiolezo kikiweka hapo sanduku la “AZIMIO” kama kwenye vyoo vya shule, katibu ataandika “Kikao kiliazimia kumpa ndugu fulani eka kumi”, mwombaji atapata nakala, na ataanza kusafisha shamba. Mgogoro unazaliwa na kichwa kilichowekwa mahali pasipo pake. Sanduku hilo lazima liitwe “PENDEKEZO KWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI”.

Tena, kila mwombaji awe na ukurasa wake. “Maombi ya ardhi” kwa wingi huzaa uamuzi wa jumla, na baadaye hakuna anayejua nani alipata wapi na kwa sababu gani. Ukurasa mmoja uonekane hivi:

Ombi Na. ____ la ________ (me / ke)
Tarehe ombi lilipopokelewa: __/__/____
Eneo linaloombwa na kitongoji: ________
Inapakana na: kaskazini ________ kusini ________ mashariki ________ magharibi ________
Mjumbe mwenye maslahi katika ombi hili: ________ Alitoka nje saa ____ Alirudi saa ____
Hoja kuu: (mistari minne)
Wajumbe waliokuwepo wakati wa uamuzi: ____
PENDEKEZO KWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI: likubaliwe [ ] likataliwe [ ] mwombaji alete maelezo zaidi [ ]
Sababu: ________
Kura: ndiyo ____ hapana ____ hawakupiga ____
Litawasilishwa kwenye mkutano mkuu wa tarehe: __/__/____

Kila nafasi hapo ina kazi. Tarehe ya kupokea ombi ipo kwa sababu kifungu cha 23 cha sheria hiyohiyo kinaitaka halmashauri ilitolee ombi la hakimiliki ya kimila uamuzi ndani ya siku 90 tangu lilipowasilishwa, au tangu mwombaji alipoleta maelezo ya ziada aliyotakiwa kuleta. Bila tarehe, hakuna anayeweza kuhesabu hizo siku 90, na ombi la mnyonge linaweza kulala kabatini mwaka mzima. Kifungu hichohicho kinataka ombi la mwanamke litendewe sawa na ombi kama hilo la mwanamume. Ndiyo maana nafasi ya sababu haiachwi hiari: mwanamke aliyekataliwa eka mbili na mwanamume aliyekubaliwa eka mbili kitongoji kilekile wakiwekwa kurasa mbili zinazofuatana, sababu zikiwa zimeandikwa, ubaguzi unaonekana kwa macho.

Jumla ya kura nayo ina kazi yake. Ndiyo, hapana na waliojizuia wakijumlishwa wanapaswa kulingana na idadi ya waliokuwepo wakati wa uamuzi. Zisipolingana, kuna mtu alihesabiwa mara mbili, au mjumbe mwenye maslahi hakutoka nje kama ilivyoandikwa. Katibu akijumlisha hapohapo kabla ya kufungua ukurasa wa mwombaji anayefuata, kosa linarekebishwa wakati wajumbe bado wamekaa. Akijumlisha nyumbani, amechelewa.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unahitaji kiolezo chake. Ukurasa wa kila ombi unahamishiwa huko pamoja na pendekezo la halmashauri lililokwisha kuandikwa, na huko sasa ndiko liliko sanduku la “UAMUZI”. Mihtasari hiyo miwili isiunganishwe kuwa mmoja, hata vikao vikifanyika siku mbili mfululizo, kwa sababu shauri likifika barazani swali litakuwa ni chombo gani kiliamua, lini, na kilipata idhini ya nani.

Mengineyo yawe madogo kuliko yote. Safu tatu zinatosha: jambo, aliyelileta, na litapelekwa kikao kipi. Sanduku la azimio halipo hapo. Jambo ambalo wajumbe hawakulipata kwenye ajenda hawakujiandaa nalo, na aliyebaki nyumbani kwa kuona ajenda haimhusu ana haki ya kutokuta shamba lake limejadiliwa chini ya mengineyo. Kama kuna dharura ya kweli, iongezwe mwanzoni pale ajenda inapothibitishwa, ipewe namba yake na ukurasa wake. Kwa hiyo katibu abebe kurasa mbili za ziada zilizo tayari, zenye sanduku na jedwali, zisizo na kichwa.

Kosa linalonitia wasiwasi kuliko yote ni la katibu mwenye bidii kupita kiasi, anayejaza maamuzi kabla ya kikao. Anajua mwenyekiti anataka nini, kwa hiyo anaandika “Kikao kiliazimia shimo jipya lichimbwe” ili kuokoa muda. Wajumbe wakikubaliana na jambo jingine, atafuta. Wakikaa kimya, maandishi yatabaki, na ukimya wao utageuka kura ya ndiyo. Mpaka wa kiolezo ni rahisi kuukumbuka: kinachoweza kujulikana kabla ya kikao, kama majina, tarehe za maombi na kazi za kikao kilichopita, kiandikwe, kinachojulikana kwa kikao tu kiachwe wazi. Hata saa ya kufungua isiandikwe mapema, maana kikao cha saa 4:00 huanza saa 5:10, na saa ya kweli ndiyo inayoeleza kwa nini wawili waliondoka kabla ya maombi ya ardhi.

Nafasi zilizobaki wazi nazo zina hatari yake. Mstari mtupu kwenye karatasi iliyosainiwa unaweza kujazwa na mtu mwingine mwezi ujao. Kabla ya kikao kufungwa, kila nafasi isiyotumika ipigwe mstari wa kalamu na kuandikwa “Hakuna”, na kila ukurasa uwe na namba kwa mtindo wa “ukurasa wa 3 kati ya 9”, ili ukurasa ukichomolewa ijulikane.

Wanaotumia kompyuta wanaweza kutengeneza jedwali kwenye Word, kuchagua mstari wa vichwa na kubonyeza Repeat Header Rows ili vichwa vya safu vijirudie jedwali likihamia ukurasa wa pili, kisha kuhifadhi faili kama Word Template ili kiolezo cha awali kisifutwe kila mwezi. Kijiji kisicho na umeme hakijakosa kitu. Kaunta buku na rula vinatosha, na daftari lililoshonwa lina faida ambayo karatasi za kuchapa hazina, kwa kuwa ukurasa ukichanwa pengo linabaki.

Mwisho wa kiolezo ni saini za mwenyekiti na katibu, nazo zina sehemu mbili za tarehe: tarehe ya kikao na tarehe ya kuthibitishwa. Ya pili haijazwi siku ya kikao. Mpaka kikao kinachofuata kiusome na kuusahihisha, muhtasari huo ni rasimu, na neno “RASIMU” liandikwe juu ya ukurasa wa kwanza tangu kiolezo kinapoandaliwa. Kabla ya kufunga, katibu asome kwa sauti masanduku ya maazimio na mapendekezo peke yake, bila mijadala. Kusoma kunachukua dakika tano, na mjumbe aliyeelewa vingine atasema hapohapo.

Ndugu mjumbe, ajenda ya kikao kijacho ikikufikia imeandikwa tu “Maombi ya ardhi”, mwendee mtendaji kabla ya siku ya kikao na umwombe mambo mawili: kila mwombaji awe na ukurasa wake, na ukurasa huo uwe na nafasi ya tarehe ombi lilipopokelewa.